Maji Niliyoyameza

Mwanangu alipopata nafasi ya kwenda Uturuki kusomea uhandisi wa umeme, watu walinipongeza mimi. Walinisimamisha njiani nikitoka msikitini, wakanipiga mabega, wakaniambia Mungu amenifuta machozi. Nilijibu asante. Machozi yenyewe sikuwa nimeyatoa, lakini huwezi kusimama barabarani Kibuli ukaanza kumweleza muuza chapati mambo kama hayo.

Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulimzika kwetu Arua, tukarudi Kampala mimi na mwanangu, mtoto pekee tuliyejaliwa, na tangu hapo nikawa mtu wa ganzi. Sisemi huzuni. Huzuni naijua, nilimzika mama yangu na baba yangu, najua inavyokaba. Hii ilikuwa kitu kingine. Nilikula, nikalala, nikaswali, nikanunua umeme ulipoisha. Siku moja nilikunywa kikombe kizima cha chai, mwanangu akaonja yake akatema, akaniuliza, "Mzee, wewe husikii? Hii chai tumeweka chumvi!" Nilikuwa sijasikia.

Watu walisema nimejikaza, ni ule upolisi. Nilitumikia polisi mpaka nikastaafu, na raia wanaamini kwamba askari anafundishwa kutohisi. Tulifundishwa kusimama wima tu. Lakini sikuwabishia, kwa sababu kubishana kunahitaji nguvu.

Sherehe ya kumuaga kijana haikuwa wazo langu. Ilikuwa ya dada yangu. Huyu ni mkubwa wangu, anaishi Arua, na tangu baba yetu afariki ndiye anayetuambia wote la kufanya, wajukuu wake hadi mimi mwenye mvi. Alipoolewa alibatizwa, mimi nikabaki Mwislamu, na hatujawahi kugombana kwa sababu ya dini isipokuwa siku za kuchinja kuku. Alipiga simu, hata salamu hakumaliza.

"Mtoto anaenda lini?"

Nikamwambia Jumatatu.

"Basi Jumamosi mimi niko hapo. Na kibuyu nakuja nacho. Usinidanganye ati utampa baraka kwa simu."

Kwetu mtoto hatoki kwenda mbali bila maji. Nieleze, kwa sababu hata hapa Kampala kuna watoto wetu wanaofikiri ni ushirikina wa wazee. Baba anasimama, anasema maneno machache, kisha anachukua maji ya kibuyu mdomoni na kumpulizia mtoto kifuani, kwenye paji la uso na miguuni. Ndiyo yote. Ila kabla ya maji kuna swali, na swali ndilo kazi yenyewe. Wanaulizwa upande wa mama kwanza, kisha baba: kuna jambo moyoni juu ya huyu mtoto? Kama lipo, linatolewa pale pale mbele ya watu, hata liwe la aibu. Mtoto alikujibu vibaya, aliazima baiskeli akaivunja, aliacha kuja kukusalimia hospitali, unasema. Likishasemwa limetoka, halimfuati. Baba akipuliza maji huku ameficha jambo kifuani, wazee wetu wanasema maji hayo yanakuwa maji tu, na mtoto amesafiri mtupu. Ndiyo maana baraka yenyewe ni fupi na kuulizana ni kurefu. Nimeona shughuli kama hiyo katika kambi yetu ya polisi Nsambya ikichukua asubuhi nzima, kwa sababu mjomba mmoja alikuwa na mambo tangu kijana akiwa darasa la tatu.

Kwa desturi, baba mkubwa akiwepo ndiye anayesimama badala ya baba, yaani angesimama kaka yetu mkubwa. Yeye naye tulishamzika. Zamu ikawa yangu.

Jumamosi walifunga turubai uani, viti vya plastiki vikaja juu ya pikipiki, vimefungwa mlima mzima, dereva haonekani. Jirani wa nyuma, kijana anayesherehesha harusi, alijitolea kuwa msema chochote bila malipo, nasi tukalipia kwa masikio. Alikuja na spika kubwa kuliko jokofu. Kila aliyeingia alitangazwa, hata aliyekuja kuazima sufuria. Wanawake walipika pilau upande mmoja, na upande wa pili dada yangu akasonga ugali wa muhogo na kupika samaki mkavu kwa ufuta, akisema pilau ni chakula cha wageni, mtoto ale chakula chake. Mwanangu alikula vyote viwili. Nilimtazama akila, na nilijua kwamba hapo ndipo baba anapaswa kuhisi kitu. Nikasubiri. Hakikuja.

Imamu wetu, mzee Mganda tunayeswali naye, alifika baada ya Alasiri. Nilikuwa na wasiwasi kidogo kuhusu kibuyu, nikamvuta pembeni nikamweleza. Akacheka mpaka kofia ikakaa upande.

"Ssebo, mimi nasoma dua yangu, halafu nyinyi mnafanya ya kwenu. Maji ni maji tu. Mladi hamuombi mwingine, munaomba Mungu."

Alisoma Fatiha na dua ya msafiri, nzuri na ndefu ya kutosha. Dada yangu naye akasali Baba Yetu na watu wa upande wake. Kisha msema chochote akatangaza kwa sauti ya kuangusha turubai, "Sasa, mabibi na mabwana, tunampigia makofi baba mzazi!"

Dada yangu akamwendea, akachomoa waya wa spika ukutani, akarudi kukaa. Kijana wa watu akabaki ameshika kipaza sauti kilichokufa.

Basi tukaanza. Mkeka ulitandikwa mbele ya mlango. Mwanangu akavua viatu, akafungua vifungo vya shati, akakaa miguu ameinyoosha, uso umeelekea geti, kwa sababu anayetoka haelekezwi nyumbani. Mimi nikasimama mbele yake, geti likiwa nyuma yangu, hivyo ilibidi aniangalie mimi kwanza ndipo aone njia. Dada yangu akasimama kushoto kwangu na kibuyu. Hushikwa na binti wa nyumba aliyeolewa nje, kwa sababu yeye alishatoka na akafika salama. Maji yalikuwa ya bomba ya asubuhi ile, hayakuchemshwa wala kuwekwa kwenye jokofu. Mtu mmoja alitaka kuleta ya chupa, akafokewa.

Swali lilianza kwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, aliyesimama kwa niaba ya upande wa mama.

"Nyinyi watu wa mama yake," dada yangu akasema, "kuna neno kwa moyo?"

Shemeji akakohoa. "Neno liko moja, dogo. Hii mtoto, tangu dada yangu afe, alikuja kwetu mara moja tu. Mama yetu anauliza yeye kila siku. Ni hiyo tu. Sasa nimesema, imetoka."

"Umesikia, mtoto?"

"Nimesikia, Shangazi. Mjomba anisamehe."

"Imetoka," watu wakaitikia.

Ndivyo inavyofanyika. Hakuna hotuba wala kulia. Shemeji akakaa, na niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua gunia. Dada yangu akanigeukia.

"Na wewe baba yake. Kuna neno kwa moyo?"

Nikasema, "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Mtoto ni mzuri."

Na sikuwa nasema uongo, au sikujua kwamba nasema uongo. Nilikuwa nimepekua. Asubuhi ile nilikaa kitandani nikajiuliza nina nini na huyu kijana, kwa sababu naiheshimu desturi, si mtu wa kuifanyia mzaha. Hakuwahi kunitukana. Mama yake alipougua ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, mimi mgongo unauma. Nilipekua nikakuta patupu, na mtu aliyezoea patupu hashtuki.

Nikatoa maneno yangu. Nayakumbuka vizuri, kwa sababu yalikuwa mabaya sana.

"Kijana wangu, leo unaondoka kwenda ng'ambo kwa masomo. Ukoo umefurahi. Tunatarajia nidhamu. Heshimu walimu, heshimu sheria za nchi ile, shika dini yako, epuka makundi mabaya. Usisahau ulikotoka. Mungu akutangulie. Asanteni."

Niliyasema nimesimama wima, mikono ubavuni, kama natoa ripoti ya zamu. Mtu mmoja nyuma alipiga makofi mawili akaacha. Mwanangu alinitazama kwa adabu. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza tangazo kituo cha basi, na sikumlaumu, hata mimi ningekuwa hivyo.

Dada yangu akaninyooshea kibuyu. Nikachukua maji mdomoni, nikainama kwenye kifua cha mwanangu, nikavuta pumzi kwa pua ili nipulize.

Nikayameza.

Sijui nilivyofanya. Sikuwa na kiu. Koo lilijifungulia lenyewe, maji yakashuka, nikabaki nimeinama mbele ya kifua kikavu, mdomo umekauka, nikipuliza hewa. Wote waliona. Watoto wawili wakacheka, wakapigwa makofi ya kisogoni. Imamu aliangalia chini.

Nilitaka kuchukua maji mengine haraka, yaishe. Dada yangu akakivuta kibuyu nyuma.

"Hapana. Ngoja kwanza."

"Dada, ni bahati mbaya tu. Leta."

"Mwana wa mama yangu, hii maji haimezwi kwa bahati mbaya. Mimi nimeshika hii kibuyu kwa watoto wangapi? Mwenye amemeza, ni kwa sababu kuna kitu chini inavuta." Alinigusa kifuani kwa kidole, kwa nguvu, kama anabonyeza kengele. "Uliniambia hakuna neno. Sasa nauliza tena, na mbele ya watu. Kuna neno kwa moyo?"

Hapo hasira ilinipanda. Nilifurahi hata, maana ilikuwa siku nyingi sijaiona. Nilimwambia watu wana kiu ya soda, jua linazama, mtoto hajafunga mzigo wake, na mimi si mtuhumiwa wake. Nilisema nimetumikia serikali, siwezi kuhojiwa kwenye uwanja wangu mwenyewe na mwanamke mwenye kibuyu. Shemeji akasema taratibu, "Mzee, jibu tu." Dada yangu alisimama tu na maji yake. Yule akiamua kusimama, nchi nzima inasubiri.

"Usipojibu," akasema hatimaye, "mtoto haendi na maji yangu. Ataenda na pasipoti tu. Kale, haya, ni juu yako."

Nikamtazama mwanangu. Shati limefunguka, mifupa ya kifua inaonekana, maana alikonda mwaka ule na sikuwa nimeona. Nywele alikuwa amenyoa asubuhi. Nyuma ya sikio la kushoto palibaki kipande kinyozi alichokisahau. Mama yake angemrudisha kwa kinyozi kabla ya kumruhusu kukaa kwenye mkeka. Kabla sijaamua kusema, nikajisikia nasema.

"Neno lipo. Sitaki aende."

Wanawake wa pilau wakageuka kunitazama.

"Sitaki aende," nikarudia, kwa sababu mara ya kwanza ilitoka kwa sauti ya mtu mwingine. "Mama yake ameenda, sasa na yeye. Alipoanza kuomba hizo nafasi nilimwombea dua akose. Nilikuwa nampeleka kupiga picha ya pasipoti, nangoja nje, naomba akose. Hakuna ubaya alionifanyia. Lakini kila nikimwona anafurahi nasikia ameniibia. Ndilo neno langu. Ni la aibu, lakini mmeuliza."

Kusema kweli sikujua jambo hilo lipo ndani mpaka nilipolisikia na masikio yangu. Dua nilizijua, bila shaka, nilikuwa naziomba mimi. Ila nilizihesabu kama mazoea tu, kama mtu anavyokuna mkono. Nilijisikia vibaya, na ule ubaya ulikuwa na ladha. Sikutaka uondoke.

Dada yangu akauliza, "Mtoto, umesikia?"

Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa. Desturi haimlazimishi kujibu, inamtaka asikie tu, na alikuwa amesikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa mekundu kwa ndani kama yanavyokuwa tangu utotoni akizuia kulia.

"Imetoka," dada yangu akasema mwenyewe. Kisha watu wakaitikia, wengine kwa sauti ya chini, "Imetoka."

"Sasa sema vizuri. Ile ya kwanza ilikuwa ya polisi."

Watu wakacheka, ahueni ikaingia, hata imamu akacheka. Mimi nikachuchumaa, magoti yakalia, nikawa uso kwa uso na kijana. Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema hivi.

"Wewe ulizaliwa usiku wa mvua kambini, ndani ya chumba kimoja, na wenzangu wawili walikaa nje chini ya turubai ili mama yako apate nafasi. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, usiseme Kampala tu, kwa sababu Kampala ni kubwa, haitakukumbuka. Sema wewe ni mtoto wa fulani na fulani, ututaje wote wawili. Ukiumwa, niambie siku hiyo hiyo. Usingoje upone ndipo unisimulie, mama yako alinifanyia hivyo. Usinipigie kuniuliza kama nimekula, nitakudanganya. Nipigie uniambie wewe umekula nini. Ukishindwa kuswali siku fulani, kaa kimya wakati wa swala, Mungu atajua upo. Ukipata mchumba huko, niambie mimi kabla ya shangazi yako."

"Nimesikia hiyo!" dada yangu akasema.

"Ukisikia nimeugua, usipande ndege. Mwulize kwanza shangazi kama ni kweli, kwa sababu nitakuwa nakutaka tu. Nilichokuwa nimekishika nimekiachia. Kifua chako kiwe na nguvu. Macho yako yaone shimo kabla ya mguu. Miguu yako ikupeleke, na ikijua njia ya kurudi, irudi."

"Iwe hivyo," wakaitikia.

Sikuhisi kupona. Naandika hivi kwa sababu watu wakiisikia hadithi hii hupenda kuimalizia hapo, baba kalia, mtoto kalia, moyo umefunguka. Ganzi ilikuwepo bado. Ilikuwa imepasuka mahali padogo tu, na hapo palikuwa panauma.

Dada yangu akanipa kibuyu. Nikachukua maji, mdomo mzima safari hii, mashavu yamejaa. Nikainama karibu na kifua chake.

Ndipo mwanangu alipoinua uso. Alisema kwa sauti ndogo, ya mimi peke yangu, lakini dada yangu alisikia, nilimwona amefumba macho.

"Baba, nibaki?"

Hakuwa ananijaribu. Mtoto yule hana utani wa namna hiyo. Angebaki. Angesimama pale pale mkekani, angefunga vifungo, angewaambia watu wamalize soda, na Jumatatu angeniandalia chai. Nilichotakiwa kufanya ni kujibu tu, na ili nijibu ilibidi kwanza nimeze.

Maji yalikuwa yameshaanza kupata joto mdomoni. Aliningoja, macho yake ndani ya yangu, na koo langu lilikuwa linataka kumeza.

Nikapuliza.